Kontroli Imepita

Kwa miaka kumi na saba nimekaa chumba kimoja na mwanamke tuliyemwita Mpishi, na sijawahi kuonja alichopika. Alikuwa akipika slaidi, vile vioo vyembamba vya kubandikia nyama ya wagonjwa. Kila asubuhi alimimina bafa, maji yetu ya dawa ya kuchemshia, kwenye sufuria ya presha, ya aina ile ile ambayo watu huchemshia maharage magumu, akaiweka juu ya jiko la umeme, akasimama kando yake mikono kiunoni akisubiri mluzi. Sufuria ikilia, anaanza kuhesabu dakika. Ukimsemesha wakati huo hajibu, na ukirudia swali anakutazama mpaka uondoke mwenyewe.

Mimi kazi yangu ni kukata. Nyama ya mgonjwa ikishagandishwa ndani ya nta, naipitisha kwenye wembe wa mashine, natoa utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, naulaza juu ya maji ya vuguvugu na kuuvua kwa slaidi. Nasema hivi mapema usije ukadhani nasimulia habari za mwenzangu kama shahidi aliyekuwa akipita njia. Mimi nimo.

Mpishi alitaka kuwa nesi. Wiki ya pili ya mafunzo aliona damu ya mtu aliye hai, akaanguka kama gunia, akazindukia chumba cha jirani ambako mzee mmoja alikuwa akipaka slaidi rangi. Nyama ya maabara haitoki damu, akabaki huko huko. Akaolewa, akazaa mabinti wawili, na yule mdogo hajatimiza hata mwaka, mume akafa. Ndugu wa mume walikuja kuulizia kabati na redio. Dada wa marehemu peke yake ndiye aliyekuja na godoro. Alilitua sebuleni, akavuta pumzi, akasema, "Wifi, mimi nimehamia. Wewe nenda kazini, watoto niachie."

Huyo wifi hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na valvu mbovu ya moyo tangu utotoni, akipanda ngazi lazima apumzike mara mbili, na waliokuja kumposa walirudi walikotoka wakisingizia mambo mengine. Ulimi wake, lakini, ulikuwa mzima wa afya. "Wifi yangu ni fundi wa kuchemsha vioo," aliwaambia wageni, "ila nyumbani anaunguza hata maji." Mpishi alijibu kwamba bora kuunguza maji kuliko kula bure miaka ishirini. Wakicheka hivyo, wale mabinti wakakua, wakasoma, wakaondoka, na nyumba ikabaki na wanawake wawili wanaogombania rimoti.

Mwaka jana wifi akapata uvimbe kwenye titi, akaunyamazia miezi mitano. Alipoulizwa kwa nini, akasema, "Ungeacha kula, wewe. Nakujua." Mpishi akamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, kisha akajuta kulitaja neno kifo, wakalia wote wawili. Aliponisimulia haya alikuwa anafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

Kinyama kidogo kilichotolewa kwa sindano kilionyesha saratani. Wiki sita baadaye titi likaondolewa. Likabaki swali moja, na jibu lake hutoka mezani kwetu. Saratani nyingine za titi zina vipokezi vya homoni ndani ya viini vya seli zake, nyingine hazina. Zikiwa navyo, mgonjwa hupewa vidonge vya kuzuia homoni, anameza kimoja kwa siku nyumbani kwake. Zikiwa hazina, kinachobaki ni dripu kali ya dawa za kuua seli. Na dripu zenyewe ndizo zinazouchosha moyo. Daktari wa moyo alikwisha kusema valvu ile haitazibeba. Kwa wifi, basi, mlango ulikuwa mmoja tu, nao ni vidonge, na vidonge haandikiwi mtu asiye na vipokezi.

Ufahamu kwanza jinsi tunavyovitafuta, maana pasipo hilo hutaelewa hofu iliyonipata. Mpishi aliwaeleza wanafunzi kila mwaka kwa maneno yale yale. Tunayo kingamwili, dawa inayomtambua mtu mmoja tu, kipokezi, na kumng'ang'ania. Tunaidondoshea juu ya nyama. Kisha tunamwaga ya pili, inayoing'ang'ania ile ya kwanza na kubeba kimeng'enya mgongoni. Mwisho tunamwaga rangi, na pale palipo na kimeng'enya rangi inageuka kahawia. Seli isiyo na kipokezi inabaki buluu, kwa rangi ya mwisho tunayopaka ili viini vionekane.

"Na kwa nini tunachemsha?" wanafunzi waliuliza, kila mwaka.

"Formalini inazuia nyama isioze," alijibu, "lakini inazifunga protini, zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Wewe una kovu kichwani, umesuka nywele zikalifunika. Kovu liko, ila halionekani. Mimi nafumua. Moto wa kutosha, bafa sahihi, muda sahihi. Ukipunguza, kovu halitoki. Ukizidisha, unang'oa na ngozi."

Halafu aliwaonyesha kontroli. Juu ya kila slaidi, kando ya nyama ya mgonjwa, mimi hubandika kipande cha mlango wa kizazi cha mtu mwingine, ambacho tunajua kwa hakika kina vipokezi. Kikitoka kahawia, tunajua moto ulifika, dawa ni nzima na rangi inafanya kazi. Pia kuna slaidi ya pili ya mgonjwa yule yule isiyowekewa kingamwili ya kwanza; hiyo ikitoka kahawia, basi rangi inadanganya. Vyote vikiwa sawa, Mpishi anachukua muhuri wa mpira na kugonga kwenye karatasi: KONTROLI IMEPITA. Aliupenda muhuri ule. Aliugonga kwa nguvu, meza ikatikisika.

Wiki ya titi la wifi, Mpishi alinijia asubuhi na mapema. "Mdogo wangu," akasema, "usinionyeshe jina. Nipe namba tu." Nikampa namba. Wiki hiyo tulikuwa na matiti matatu, na alizipika slaidi zote tatu uso ukiwa mkavu. Kontroli zilitoka kahawia safi. Akagonga muhuri mara tatu. Daktari wetu wa kusoma slaidi, ambaye huja mara mbili kwa wiki na husoma za hospitali nne, akasoma, akaandika, akaondoka na mkoba wake.

Jumanne ya wiki iliyofuata, jioni, wifi alimpa Mpishi bahasha mlangoni. Ndani iliandikwa kwamba vipokezi vya homoni havikuonekana. Alhamisi saa nne asubuhi madaktari wangekaa kikao cha kuamua, na wifi mwenyewe, ambaye si mjinga, alikwisha kuelewa wataamua nini. "Watanirudisha nyumbani na dawa ya maumivu," alisema. "Afadhali. Chakula cha hospitali hakina chumvi."

Jumatano Mpishi alifika kabla ya mlinzi kufungua geti. Nilipoingia nilimkuta kwenye hadubini, koti bado mwilini, mkoba begani.

"Njoo uone," akasema.

Nikatazama. Seli za saratani, buluu tupu. Kontroli, kahawia nzuri. "Dada, pole," nikamwambia. "Kontroli imepita."

"Sogeza pembeni. Kushoto, chini. Pale kwenye ukingo."

Nikasogeza. Ukingoni palikuwa na vijifereji viwili vya titi la kawaida, visivyo na ugonjwa, vimebanwa na uvimbe kiasi kwamba mtu mwenye haraka asingeviona. Vilikuwa buluu. Buluu kila seli.

Hapo moyo ulinipasuka pa! Vijifereji vya titi zima havikosi seli za kahawia, hapa moja, pale mbili tatu. Kila mwanamke anazo. Vikiwa buluu vyote, si kwamba vipokezi havipo. Nyama yenyewe imekufa kwa rangi. Kontroli ilitoka kwenye nyama iliyotunzwa vizuri na ilithibitisha sufuria, dawa na rangi, basi. Kuhusu nyama ya mgonjwa haikuthibitisha kitu. Miaka yote tuligonga muhuri ule tukidhani umesema kila kitu.

"Moto ulikuwa sawa," Mpishi alisema. "Dawa sawa. Slaidi haikukauka, ingekauka ukingo ungegeuka kahawia. Bafa niliipima mwenyewe. Kwa hiyo ni nyama. Imeharibika kabla haijafika kwangu. Daftari la mapokezi liko wapi?"

Nilijua daftari lilipo. Nilijua hata ukurasa.

Titi linapotoka chumba cha upasuaji huja zima kwenye ndoo ya formalini. Formalini haina haraka. Kwa saa moja huingia kiasi cha unene wa ukucha. Titi zima likiachwa hivyo, nje linatunzwa na ndani linaoza polepole likiwa ndani ya dawa. Kwa hiyo sheria ni kwamba anayelipokea alipasue hapo hapo, vipande vipande kama mkate, bila kuvitenganisha, ili dawa ipate njia. Kisha aweke alama ya vema kwenye safu iliyoandikwa "Limepasuliwa".

Ndoo ile ililetwa Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Aliyeipokea ni mimi. Nilikuwa nimeshavua koti la kazi, kisu kilikuwa kimeshaoshwa, na kulikuwa na fundi anayenisubiri nyumbani arekebishe bomba. Nikasema moyoni, Jumatatu. Nikaweka alama ya vema, maana safu tupu humkera msimamizi. Jumatatu Daktari alipolikata, katikati palikuwa na rangi ya waridi na pamelegea. Mimi niliona. Yeye alikuwa kwenye simu. Uvimbe ulikuwa hapo hapo katikati.

Mpishi alifungua daftari, akapitisha kidole. "Limepasuliwa," akasoma. Akavuta pumzi. "Basi labda ni kipande hiki tu. Utanikatia vipande vingine vya titi hilo hilo, vyote."

Niseme ukweli: nilinyamaza. Nilihesabu mpaka tatu, labda nne. Nikikaa kimya, atapika vipande vyote vya titi lile siku nzima, vyote vimeharibika, vyote vitatoka buluu, na kesho saa nne itafika. Nikisema, nimekwisha. Kazi, jina, na huyu mtu.

"Dada," nikasema, "alama hiyo ni ya uongo. Sikulipasua."

Nilingoja kofi. Ningelipokea. Alikaa akinitazama, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake. Kisha akafunga daftari taratibu.

"Nitakuchukia baadaye," akasema. "Sasa hivi nataka mikono yako. Kinyama cha sindano kiko wapi?"

Kinyama cha sindano! Kile kilichotolewa wiki sita kabla ya upasuaji. Hicho kilitumbukizwa kwenye formalini mara tu kilipotoka mwilini, na ni chembamba kama kiberiti, dawa inakipenya chote. Hatukukijaribu mwanzoni kwa sababu kingamwili ni ghali na utaratibu wetu ni kusubiri titi lenyewe. Nikakimbilia kabati la chini, nikakitoa kile kibonge cha nta, nikakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa kimekatwa kwa uchunguzi wa kwanza, na kwa rangi za nyongeza, mpaka kikabaki uzi.

"Zimebaki tando ngapi?" akauliza.

"Nne. Tano nikibahatika. Mashine ikila nyingine wakati wa kusawazisha, tatu."

"Nikatie mbili. Nyingine acha humo humo."

Nimekata nyama miaka kumi na saba na sijawahi kuogopa wembe. Siku hiyo niliogopa. Nilibadilisha wembe, nikakipoza kibonge juu ya barafu, nikasawazisha kwa jicho mpaka nikahisi machozi. Utando wa kwanza ulikunjamana, ukapotea. Sikumwambia. Wa pili na wa tatu zikatoka, nikazivua, nikabandika kontroli kando, nikaziingiza kwenye joko zikauke. Mpishi alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

Saa tatu na nusu sufuria ilipiga mluzi. Saa sita kasoro alimaliza. Alitoa slaidi kwenye rangi ya mwisho, akazifunika kioo, akaipeleka moja chini ya hadubini, akainama.

"Buluu," akasema.

"Dada..."

"Yote. Na kontroli. Kontroli nayo ni buluu."

Kontroli ikishindwa, slaidi haina maana yoyote. Si ndiyo, si hapana, ni takataka. Na slaidi iliyokwisha kupakwa buluu na kufunikwa haiaminiki tena kwa kazi kama ile. Tulikuwa tumetupa mbili kati ya zilizobaki.

Mpishi aliketi sakafuni. Nguo yake nyeupe, sakafu ya maabara, aliketi tu. "Nimemuua," alisema. "Amenilelea watoto, na mimi nimemuua kwa mkono wangu." Nilitaka kumwambia mkono ni wangu, lakini hiyo isingemsaidia yeye, ingenisaidia mimi. Nikapiga magoti. Nikamwuliza maswali aliyokuwa akiwauliza wanafunzi, moja moja, maana sikuwa na kingine cha kumpa.

"Sufuria ilifika presha?"

"Ililia. Ulisikia."

"Bafa?"

"Ile ya pH tisa. Si ile ya sita. Niliipima."

"Kingamwili ya kwanza imeisha muda?"

"Ina miezi minne mbele. Na ndiyo ile ile ya wiki iliyopita."

"Uliruka ya pili?"

Akafikiri. "Hapana. Niliiona ikitandaa."

"Rangi?"

Akainuka akishikilia mguu wa meza, akaenda kwenye kikombe alichochanganyia rangi, kilikuwa bado na matone. Akachukua tone moja la ile kingamwili yenye kimeng'enya, akalidondoshea ndani. Rangi nzima ikikutana na kimeng'enya hugeuka kahawia papo hapo, hata mtoto angeona. Tukasubiri. Ikabaki kama maji.

"Nimesahau nusu ya pili," akasema. Rangi yetu huja chupa mbili, rangi yenyewe na maji yake ya kuiamsha, na moja bila nyingine haifanyi kitu. Ile chupa ndogo ilikuwa kwenye friji, kizibo hakijaguswa. "Miaka ishirini na sita. Wanafunzi wakisahau nawafukuza nje."

Akacheka, na kicheko kile kilinitisha kuliko kilio. Kisha akaniambia, "Kata zilizobaki."

Zilitoka mbili. Baada ya hizo, kibonge kilikuwa nta tupu; niliutazama wembe na hapakuwa na kitu cha kukata tena. Saa saba na robo tukaanza upya. Safari hii alinitaka nisome kila hatua kwa sauti kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, ile iliyopauka kwa kutosomwa, na yeye aijibu kabla ya kuigusa. Dawa ya kutoa nta. Spiriti. Maji. Sufuria. Peroksidi, ili damu iliyomo kwenye nyama isigeuze rangi bure. Kingamwili. Kuosha mara tatu. Ya pili. Kuosha. "Rangi, chupa mbili," nikasoma. "Chupa mbili," akajibu, akainua zote mbili juu nizione.

Wifi alipiga simu katikati. Mpishi aliweka sauti ya spika maana mikono ilikuwa na glavu. "Nimepika," wifi alisema. "Ukichelewa nakula peke yangu. Na kesho usivae lile gauni la kijani unalovaa misibani, madaktari watadhani nimeshakufa."

"Sawa, wifi."

"Mbona unaongea kama umemeza pamba?"

"Nipo kazini."

Wifi akauliza, "Ni zangu hizo unazopika?"

Mpishi alinitazama. Nilitikisa kichwa, usimwambie. "Ndiyo," akasema. "Kuna kosa lilifanyika huku kwetu. Ninarudia. Sijui itakuwaje, wifi. Naogopa sana."

"Basi ogopa vizuri," sauti ya simu ikasema, taratibu. "Usiunguze."

Saa kumi na moja kasoro alizifunika slaidi. Hakutaka kutazama. Alinisukumia hadubini, akageuka ukutani, akaziba masikio kwa viganja kama mtu anayengoja kishindo.

Nilianza na ile isiyo na kingamwili. Safi, hakuna kahawia popote. Nikachukua ya pili, nikaenda kwenye kontroli. Kahawia. Nikashuka kwenye uzi wa nyama, na nikatafuta kwanza kijifereji cha kawaida, maana sasa nilikuwa nimejifunza. Kilikuwa kimoja, kidogo: seli moja kahawia, moja buluu, mbili kahawia. Nyama ilikuwa hai kwa rangi. Ndipo nikathubutu kusogea kwenye saratani.

Viini vilikuwa kahawia, vingi mno, vimejipanga kama punje. Nilimvuta mkono, akaja, akainama, akaona. Akalia kwa sauti, kilio cha msibani kabisa, hata fundi wa vyoo akachungulia mlangoni kuuliza nani kafiwa.

Alhamisi saa mbili asubuhi Daktari alisoma slaidi. Alisoma pia ile ya zamani, yenye vile vijifereji vya ukingoni, na uso ukamshuka. "Niliangalia kontroli tu," alisema. "Nilikuwa na slaidi sitini." Akaandika ripoti mpya kwa mkono wake na kuipeleka kikaoni mwenyewe. Saa sita wifi alitoka na karatasi ya vidonge, akatuambia ni vidogo mno, kwamba kwa hofu yote ile alitegemea angalau vya kujaza kiganja.

Nilikuwa nimeandika barua yangu kwa msimamizi, imekunjwa mfukoni. Nilimpa Mpishi aisome kwanza. Hakuisoma. Alifungua daftari la mapokezi mezani, akarudi nyuma kurasa kwa kurasa, akasimamisha kidole kwenye kila titi lililoletwa Ijumaa alasiri likiwa na saini yangu. Yalikuwa kumi na moja. Yote yalikuwa na alama ya vema. Manane kati yake yaliandikwa hayana vipokezi, na kila moja lilikuwa na muhuri wake, umegongwa kwa nguvu.

"Hawa hawana wifi maabara," akasema. "Niambie alama ipi ni ya kweli."

Nilizitazama moja moja. Zilifanana zote. Nilijua kwamba baadhi ya Ijumaa nililipasua, kwa sababu nakumbuka ubaridi wa kisu, na nilijua baadhi sikulipasua. Ni zipi, Mungu wangu, sikukumbuka.

"Basi tunaanza na wa kwanza," Mpishi alisema, akaniwekea simu mbele yangu. Kinyama cha sindano cha huyo hakikuwepo kabatini. Ripoti yake ilikuwa na miezi kumi na minne. Nikapiga namba iliyoandikwa kando ya jina lake, ikaita mara nyingi, mpaka mwanamume akapokea, akauliza mimi ni nani, na ninamtafutia nini marehemu mkewe.